Ile Shhh ya Kaseti Haikuwa Filta

Siku hizi ukifungua apu yoyote ya kutengeneza muziki kwa simu, kuna kitufe mahali kimeandikwa Tape. Ukikibonyeza, wimbo wako unapata ile shhh ya kaseti nyuma yake, kama mvua ya mbali. Gitaa linakuwa laini, sauti inakuwa ya huzuni kidogo, na ghafla unasikika kama mtu aliyerekodi usiku chumbani 1994 akiwa ameachwa. Naelewa mbona watu wanaipenda. Mimi pia naipenda. Lakini wasee, hebu tuongee ukweli: watu waliotupa hiyo sauti hawakuwa na kitufe cha kuiwasha. Shida yao ilikuwa kutafuta cha kuizima.

Hoja yangu ni moja tu. Ile shhh ilikuwa bei. Kila mara mtu wa indi roki alipotaka kuongeza sauti moja zaidi kwenye wimbo wake nyumbani, alilipa kwa shhh. Wasikilizaji wakajifunza kusoma hiyo bei, wakaanza kuipenda, na baadaye wanamuziki wakaanza kuilipa hata pale ambapo hawakulazimika. Hapo ndipo ikawa ladha. Ukiijua hiyo safari, utaisikia tofauti kabisa.

Tuanze na mashine. Mwaka wa 1979 kampuni ya TEAC, kupitia jina lake la Tascam, ilitoa kitu kinaitwa Portastudio 144. Kabla ya hapo, ukitaka kurekodi ngoma kwanza, halafu gitaa juu yake, halafu sauti juu ya zote, ulihitaji studio au mashine kubwa za utepe wa kuzungushwa kwa magurudumu. Portastudio ilifanya hiyo kazi kwa kaseti ya kawaida, ile ile ya wazazi wetu, na mikisa ikiwa kwenye boksi hilo hilo. Unaiweka mezani, unachomeka maiki, unaanza.

Ujanja wake ni huu. Kaseti ya kawaida ina njia nne za sauti kwenye utepe: mbili za upande A, kushoto na kulia, na mbili za upande B. Ukigeuza kaseti, mashine inasoma zile mbili zingine. Portastudio haitambui mambo ya pande. Inasoma njia zote nne kwa pamoja, kuelekea upande mmoja, na kila njia, au traki, inabeba chombo chake. Traki ya kwanza ngoma, ya pili besi, ya tatu gitaa, ya nne sauti. Ndiyo maana ukichukua kaseti kama hiyo ukaiweka kwenye redio ya nyumbani, utasikia vyombo viwili tu, na ukiigeuza utasikia vile vingine viwili vikienda kinyumenyume.

Sasa shhh inatoka wapi? Utepe wa kaseti una upana wa chini ya milimita nne. Ukiugawa mara nne na kuacha nafasi katikati, kila traki inabaki na karibu nusu milimita na kitu kidogo. Juu ya huo utepe kuna chembechembe za sumaku, ndogo sana, na sauti inarekodiwa kwa kuzipanga. Hata kama hujarekodi kitu, kila chembe bado ina sumaku yake inayoelekea popote inapotaka. Kichwa cha mashine kinazisoma zote zikipita, na hiyo fujo ya chembe zisizoelewana ndiyo unaisikia kama shhh. Traki ikiwa pana, chembe ni nyingi kwa wakati mmoja, na fujo yao inajisawazisha, moja ikivuta huku na nyingine kule. Traki ikiwa nyembamba, chembe ni chache na fujo inabaki wazi. Fikiria umati uwanjani: watu elfu hamsini wakipiga gumzo, unasikia mngurumo mmoja uliotulia. Watu watano wakipiga gumzo, unasikia kila anayeropoka.

Watengenezaji walijua hili. Portastudio 144 ilizungusha utepe kwa kasi mara mbili ya redio ya kawaida, ili chembe nyingi zaidi zipite kila sekunde. Faida ni sauti safi zaidi. Hasara ni kwamba kaseti ya dakika 60, ambayo kila upande una dakika 30, sasa inakupa dakika 15 peke yake, na huwezi kugeuza. Mashine nyingi za baadaye ziliongeza kifaa cha kupunguza kelele kinachoitwa dbx. Hiki kinabana sauti wakati wa kurekodi, cha chini kinapandishwa na cha juu kinashushwa, halafu kinaifungua tena wakati wa kusikiliza. Sauti ikirudi kuwa ndogo, shhh nayo inasukumwa chini pamoja nayo. Inafanya kazi poa, lakini ina tabia moja ya ajabu. Mpiga gitaa akigonga noti, shhh inapanda na noti. Noti ikififia, shhh inafifia nayo. Kama vile chombo kinapumua. Ukishaisikia mara moja, huwezi kuacha kuisikia.

Niliisikia kwa masikio yangu kwa sababu mjomba wa rafiki yangu mmoja ana Portastudio ya zamani aliyokuwa akirekodia bendi yao ya vijana, na alinikubalia kukaa nayo wikendi moja. Nilitaka kuelewa kitu kimoja tu: watu waliwezaje kuweka ngoma, besi, magitaa mawili, sauti na waitikiaji kwenye traki nne? Hesabu haiingii. Jibu ni kile walichokiita kubaunsi.

Inaenda hivi. Nilirekodi kugonga meza kwenye traki ya kwanza, besi kwenye ya pili, gitaa kwenye ya tatu. Ya nne niliiacha tupu. Halafu nikachanganya zile tatu kwa mikisa, nikaamua hapo hapo besi iwe na nguvu kiasi gani, na mchanganyiko wote nikaurekodi kwenye traki ya nne. Sasa traki ya nne ina bendi nzima, kwa hivyo unaweza kufuta zile tatu na kurekodi vitu vipya juu yake. Tatu zimekuwa moja, na umepata nafasi tatu mpya.

Lakini angalia kilichopita pamoja na muziki. Traki ya kwanza ilikuwa na shhh yake, ya pili yake, ya tatu yake. Zote tatu zimenakiliwa kwenye ya nne, ambayo pia ina shhh yake yenyewe. Kwa hivyo ngoma yangu ya meza sasa imekaa ndani ya mchanganyiko wa shhh nne. Zaidi ya hapo, kila nakala inapoteza kidogo ile ncha kali ya juu, ule mng'ao wa nyuzi na wa herufi s. Unajaribu kuirudisha kwa kupandisha sauti za juu kwenye mikisa, na hizo za juu ndizo mahali shhh inaishi, kwa hivyo unaipandisha nayo. Na hakuna kurudi nyuma. Ukishafuta zile traki tatu, besi ikiwa kubwa kupita kiasi, itabaki kubwa milele. Shhh imegandana na ngoma; huwezi kuondoa moja bila nyingine.

Nilibaunsi mara mbili, nikasikiliza kwa hedifoni. Gitaa la kwanza lilikuwa limerudi nyuma, kama liko chumba cha pili na mlango umefungwa nusu. Lile nililorekodi mwisho lilikuwa mbele, kali, karibu na uso. Hakuna kifaa kilichotengeneza huo umbali. Mpangilio wa wakati ulikuwa umegeuka mpangilio wa nafasi: kilichorekodiwa mapema kiko mbali, kilichorekodiwa mwisho kiko karibu. Hapo ndipo nilielewa mbona rekodi za aina hii zina kina ambacho kitufe cha Tape hakikupi.

Sasa tuingie Dayton, Ohio. Robert Pollard alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye bendi inayoitwa Guided by Voices. Yeye, Tobin Sprout na wenzao walikuwa wakirekodi nyumbani kwenye vyumba vya chini na magereji, kwa mashine za kaseti. Mwaka wa 1994 lebo ndogo ya Scat ilitoa albamu yao Bee Thousand. Ina nyimbo 20 na haifiki dakika 40. Nyimbo kadhaa zinaisha kabla hujamaliza kuzoea.

Wimbo wa kwanza unaitwa Hardcore UFO's, na katikati yake gitaa linapotea. Linakatika kabisa, sauti inabaki imening'inia, halafu gitaa linarudi kama hakuna kilichotokea. Kwenye studio ya kulipia saa, hapo mngesimama mkarekodi upya. Hapa waliacha, na sio tu waliacha, waliufanya uwe mlango wa kuingilia albamu. Watu huita hiyo uvivu. Mimi naona uamuzi. Kama wimbo una uhai wake kwenye mara ya kwanza, na kuurekebisha kunamaanisha kuupiga upya siku nyingine na moyo mwingine, basi unauliza: nikilirekebisha gitaa, nitapoteza nini? Wao walijibu kwa kuuacha.

Na kuna ushahidi mzuri wa kupima. I Am a Scientist, mmoja wa nyimbo zinazopendwa zaidi kwenye albamu hiyo, ulirekodiwa tena mwaka huo huo kwenye studio na kutolewa kwenye EP. Tafuta zote mbili, usikilize moja baada ya nyingine. Ile ya studio ni kubwa, ngoma zina kifua, kila kitu kiko mahali pake. Ile ya nyumbani ni nyembamba na gitaa linakwaruza. Lakini kwa masikio yangu, ile ya studio ni bendi inayokuchezea wimbo, na ile ya nyumbani ni mtu anayekuambia kitu alichokigundua dakika kumi zilizopita. Maneno ni yale yale. Umbali ndio umebadilika.

Usidhani shhh inafanya kazi kwa kelele peke yake. Mfano wangu wa pili ni wa kimya. Mwaka huo huo wa 1994 Elliott Smith alitoa Roman Candle, aliyoirekodi kwa mashine ya traki nne kwenye chumba cha chini cha nyumba huko Portland, Oregon. Zilikuwa rekodi za nyumbani tu, lebo ya Cavity Search ikazisikia na kutaka kuzitoa zote vile zilivyo. Kule Dayton watu walipiga kelele, huyu ananong'ona. Na hapa fizikia inageuka hisia. Shhh ya utepe haipandi wala kushuka sana. Iko pale pale chini, kama sakafu. Ukiimba kwa nguvu, uko juu sana ya sakafu na hakuna anayeiona. Ukinong'ona, unatembea karibu nayo, kwa hivyo msikilizaji anapandisha volyumu kukusikia na sakafu inapanda pamoja na wewe. Sikio linatafsiri hiyo papo hapo: niko karibu na huyu mtu, ni usiku, anajaribu asiamshe watu. Hakuna aliyekuambia hivyo. Shhh ndiyo imekupimia umbali.

Kwa hivyo ladha ilizaliwa lini? Siamini ni wakati wa kwanza ambapo mtu alirekodi na shhh, kwa sababu huyo hakuwa na chaguo. Naamini ni pale mtu alipopata chaguo na akabaki. Baada ya Bee Thousand, Guided by Voices walisainiwa na Matador, lebo kubwa zaidi ya indi. Pesa za studio sasa zilikuwepo. Mwaka wa 1995 wakatoa Alien Lanes, nyimbo 28, bado za nyumbani, bado zimejaa shhh. Hapo ndipo bei ikawa mtindo. Mwaka mmoja baadaye walikuwa studio ya traki 24, na 1999 walitengenezewa albamu na Ric Ocasek wa bendi ya The Cars, safi kabisa. Pollard hakuwahi kufanya kiapo cha ndoa na kaseti. Ilikuwa kifaa cha kumwezesha kunasa nyimbo nyingi haraka kabla hazijapoa.

Najua kuna mwenye atasema, hii ni romansi tu, mnapamba umaskini wa vifaa. Ana hoja. Kuna rekodi nyingi za zama hizo ambazo shhh inaficha kwamba hakuna wimbo. Pia kuna vitu kaseti inaharibu kweli kweli: besi ya chini inatoweka, matoazi yanageuka mate, na mtu anayeimba kwa maneno mengi hasikiki. Kama muziki wako unategemea besi nzito, traki nne za kaseti zitakuua. Indi roki ilivumilia kwa sababu gitaa linalokwaruza na sauti moja vinaishi katikati, mahali kaseti inaposikia vizuri zaidi.

Ndiyo maana filta inanisumbua. Tofauti unaweza kuisikia, na nitakupa njia mbili. Kwanza, shhh ya kweli inabadilika. Kwenye traki nne, muimbaji akikaribia kuingia, anayechanganya anapandisha kidhibiti cha traki yake, na utasikia shhh ikiongezeka kidogo kabla ya neno la kwanza. Ni kama mtu kuvuta kiti kabla ya kuongea. Shhh ya apu huwa moja, inaanza mwanzo na kuisha mwisho, bila kujali nani ameingia. Pili, ya kweli iko ndani ya vyombo. Iko nyuma ya ngoma kivyake na nyuma ya sauti kivyake. Ile ya apu imetandikwa juu ya kila kitu kama kitambaa cha meza.

Nina rafiki anayeimba, na tumebishana juu ya hili mwezi mzima. Amerekodi nyimbo nne kwa simu kwenye chumba chake kimoja huko Zimmerman. Rekodi za kwanza zilikuwa na mvua kwenye mabati, maji ya jirani yakijaa kwenye mtungi, na boda moja inayopita kila akifika kiitikio, utadhani imelipwa. Alikaa siku mbili akifuta hayo yote kwa apu ya kusafisha kelele. Zilipokuwa safi kabisa, akasema zimekufa, akaongeza nini? Shhh ya kaseti. Yaani alitoa chumba chake akaweka chumba cha mtu mwingine, cha nchi nyingine, cha miaka thelathini iliyopita.

Nilimwambia hivi: Pollard na Smith hawakuchagua sauti ya zamani. Walitumia kifaa cha bei nafuu kilichokuwa mbele yao, na kilichosikika ni alama ya hicho kifaa na hicho chumba. Kaseti yako ni simu. Shhh yako ni ile mvua. Akanijibu kwamba ni rahisi kwangu kusema, kwa sababu sio sauti yangu itakayosikika na mtungi wa jirani, na kwamba mtu wa Ohio akiacha kelele anaitwa msanii, yeye akiacha ataambiwa hana pesa ya studio. Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani lipo. Hiyo ni sehemu ya bei ambayo mimi siilipi.

Tulichofanya ni jaribio. Wimbo wa tatu, ule anaoimba polepole karibu na maiki, tuliuchukua rekodi yake ya kwanza kabisa, bila kufuta chochote na bila kuongeza chochote. Tukausikiliza kando ya ule wenye filta, kwa spika ndogo, taa zimezimwa. Kwenye ule wenye filta uliisikia sauti nzuri. Kwenye ule mwingine, mvua inaongezeka kidogo kwenye ubeti wa pili, na yeye, bila kujua, anapandisha sauti kuishinda. Hiyo haikuwa imepangwa. Aliirudia sehemu hiyo mara nne bila kusema kitu.

Wimbo huo unatoka na mvua yake. Ile mitatu mingine bado ina filta, na ile boda ya kwenye kiitikio bado tunaijadili.